Karatasi Iliyokunjwa Katikati

Walimwita Pilipili tangu akiwa shuleni, na hakuna aliyemwonea kwa jina hilo. Alikuwa mtu wa kukasirika kwanza, akauliza baadaye. Ukimkanyaga kwenye foleni alikasirika. Ukimwomba radhi alikasirika kwa nini radhi imechelewa. Mdogo wake wa kiume, aliyebandikwa jina la Domo kwa sababu ambazo kila mteja alizielewa kabla hajakaa kwenye stuli, alipenda kusema kwamba dada yake huamka asubuhi akautafuta ugomvi kama wengine wanavyotafuta viatu chini ya kitanda.

Wawili hao walikuwa na studio ya picha, chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la betri. Mlikuwa na pazia la kijivu, taa mbili za miguu mirefu, kompyuta, na printa kubwa iliyokuwa ikikohoa kabla ya kila kazi. Zamani walikula kwa picha za vitambulisho. Siku hizi watu walitaka mambo mengine. Mtu analeta picha yake ya uso, au anapigwa palepale, halafu anataka igeuzwe ionekane kama imekatwa kwa karatasi, au imeundwa kwa vioo vya rangi, au imetariziwa kwa uzi juu ya kitambaa. Kazi hiyo ilifanywa na programu ya kompyuta. Unaipa picha, kisha unaiandikia maneno ya kueleza mtindo unaoutaka. Hapo kwenye maneno ndipo walipotofautiana mafundi na wababaishaji, na Pilipili hakuwa mbabaishaji.

Alikuwa na kanuni yake, na aliirudia hadi Domo akawa anaimaliza kabla yake: picha imbebe mtu, maneno yabebe mtindo. "Ukianza kumweleza mtu kwa maneno na picha yake iko palepale," alisema, "programu haijui imsikilize nani. Mwisho inakuletea binamu yake." Kwa hiyo kwenye maneno yake hukusikia macho, pua wala mashavu. Ulisikia vioo vikubwa vya rangi nzito, mistari myeusi ya risasi inayoshikanisha vioo ipite pembeni mwa taya, pembeni mwa nywele na kwenye mikunjo ya nguo, uso ubaki kioo kimoja. Maana usipoielekeza hiyo mistari itakwenda inakotaka, na mteja ataondoka na uso uliopasuka kama sahani.

Kwa mtindo wa karatasi alikuwa na maneno yaliyomfanya atembee kifua mbele. Aliyapata baada ya kuharibu kazi nyingi. Picha za karatasi zilikuwa zikitoka zimejaa vijikaratasi vidogo vidogo, uso umetapakaa. Ndipo alipokumbuka walivyokuwa wakikata maua darasani, unakunja karatasi katikati, unakata upande mmoja, unafungua. Akaandika: karatasi iliyokunjwa katikati na kukatwa kwa mkasi, ikafunguliwa, matabaka machache, kivuli chepesi chini ya kila tabaka. Lo! Picha zikaanza kutoka safi, tulivu, zimetengemaa. Kila aliyetengenezewa alitabasamu. Mzee mmoja mwenye pua iliyokwenda kando tangu ujanani aliitazama yake akasema, "Leo mmenipatia." Pilipili alifurahi, wala hakujiuliza yule mzee alipatiwa nini.

Sasa tuje kwa mama yao.

Mama alikuwa mtarizi katika kiwanda kidogo cha nguo, na wenzake walimwita Mama Nyuzi. Alitarizi shingo za kanzu, pindo za mapazia, vitambaa vya meza, chochote kilichokubali sindano. Asubuhi moja aliamka akanywa chai, na chai ikamtoka upande mmoja wa mdomo. Uso wake ulikuwa umelala upande wa kushoto. Jicho halikufumba vizuri, shavu limelegea, mdomo umeshuka. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu wa uso, kwamba wengi hupona. Akampa dawa na mazoezi. Jicho lilirudi, shavu likarudi nusu. Mdomo haukurudi.

Tangu hapo alivaa mtandio ulioanzia kichwani ukapita chini ya pua, akaushika kwa mkono hata alipokuwa jikoni peke yake. Kiwandani hakwenda tena. Alipokula aligeukia ukuta. Na watoto wake, kwa mapenzi, wakalifanya jambo moja baya sana, wakaacha kulitaja. Mdomo haukutajwa katika nyumba ile. Waliuita "ule upande". Ule upande umepoa leo? Ule upande hausumbui? Hata Pilipili, ambaye angeweza kumwambia mkuu wa polisi kwamba ana soksi zilizotoboka, alipofika hapo ulimi ulimpinda.

Siku moja Msimamizi wa kiwanda alikuja studio. Alikuwa mama wa makamo, mwenye mwili na moyo mkubwa, na sauti ya kuzidi mashine za kushonea.

"Mama Nyuzi kazi yake ipo," alisema. "Kiti chake hatujampa mtu. Nimezungumza naye, amekubali kurudi. Sasa wenzake wanataka atakapoingia akute picha yake ukutani, kubwa, ya heshima. Nyie si ndio mafundi?"

Pilipili alikwenda nyumbani akitarajia kukataliwa. Mama alikuwa amekaa kitandani, mtandio usoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nipige nilivyo."

"Kweli, mama?"

"Nimechoka kula na ukuta. Kama nitarudi, nirudi mimi. Wanione mara moja ukutani, wazoee, wasinitazame kwa wizi wakidhani sioni. Ukinipiga, nipige nilivyo. Umesikia?"

"Nimesikia."

Akaushusha mtandio. Pilipili akampiga karibu na dirisha, uso mzima, mwanga ukitoka upande.

Studio alifanya kama afanyavyo siku zote. Mtindo wa vioo haukufaa, maana ule mstari mweusi ulikatiza midomo hata alipoukataza. Mtindo wa kutarizi, ambao ndio aliutaka kwa ajili ya kazi ya mama, ulitoka umevurugika, nyuzi zimetapakaa usoni kama nyasi, maana maneno yake ya tarizi bado yalikuwa machanga. Akajaribu yale ya karatasi. Akaandika maneno yake anayojivunia, akaongeza mwishoni, hifadhi sura yake.

Ikatoka picha iliyomfanya ashike kifua. Mama! Mtandio wa karatasi ya bluu, nywele za mvi zimekatwa nyembamba, pua ileile, kipaji kilekile cha uso. Na chini ya pua, mdomo uliotulia, umenyooka, wa zamani. Mama wa kabla ya ile chai.

Je, aliuona ule mdomo? Aliuona. Macho yalikuwa yake na hayakuwa na mtoto wa jicho. Lakini kuona ni jambo moja na kukubali kwamba umeona ni jingine, na furaha ilimjia haraka kuliko akili. Alimwambia Domo, "Chapa. Kubwa kabisa. Weka fremu." Domo akachapa.

Siku ya kurudi, kiwanda kilizima mashine. Watarizi walisimama kando ya meza zao, na picha ilikuwa ukutani imefunikwa kitambaa. Mama aliingia amejifunika hadi puani, Pilipili upande mmoja, Domo upande mwingine. Wakampigia makofi. Wengine walilia. Mama alitikisa kichwa kuwashukuru, na Pilipili, aliyekuwa amemshika mkono, alihisi vidole vya mama vikielekea kwenye mtandio. Alikuwa anajiandaa kuushusha. Hilo Pilipili alilikumbuka baadaye na lilimchoma kuliko yote, kwamba mama alikuwa ameshaushika pindo.

Msimamizi akavuta kitambaa.

"Haya! Mwoneni mwenyewe!"

"Aaah!" wakasema watu. "Kapendeza! Kama msichana!" "Huyu si ndiye Mama Nyuzi wetu!" Mmoja, mwenye nia njema na akili ya kuku, akasema kwa sauti, "Hapa amepona kabisa."

Vidole vya mama viliachia pindo. Aliisogelea picha. Aliitazama mpaka makofi yakafa yenyewe, moja moja.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Domo akacheka kidogo. "Ni wewe, mama."

"Mimi nimesimama hapa." Sauti yake ilitoka chini ya mtandio, tulivu, na Pilipili aliijua hiyo sauti, hasira zake zote alizirithi hapo. "Kama huyu ndiye mliyekuwa mnamngoja, mpeni kiti akae. Atawafaa. Hana chai inayomwagika."

Akavuta mtandio juu zaidi, mpaka chini ya macho, akatoka nje. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Pilipili alipanda juu ya kiti mbele ya watu wote akaing'oa picha ile na msumari wake, plasta ikamwagika. Msimamizi alisema, "Taratibu, binti," naye akajibu jambo ambalo tusiliandike hapa. Aliibeba chini ya kwapa hadi studio, njia nzima Domo akimfuata nyuma kama mtu anayesindikiza gari la zimamoto.

Ndani ya studio aliibwaga chini.

"Umeufanya nini uso wa mama?"

"Mimi?"

"Wewe! Mdomo wako mrefu huo, umezoea kuwavalisha wateja kilemba cha ukoka, 'umependeza dada, umetoka bomba kaka', ukaona hata mama umpake rangi! Nani kakutuma umnyooshe?"

"Dada, mimi nimebonyeza kitufe cha kuchapa."

"Usinidanganye!"

"Sikudanganyi."

"Kuna neno umelipachika! Umeandika 'mrembo'! Nakujua, umeandika 'avutie'! Mama anasema nipige nilivyo, wewe unampeleka saluni!"

Domo, ambaye kwa kawaida angekuwa na majibu ya kutosha mtaa mzima, alivuta kiti, akafungua kompyuta, akatafuta kazi ile, akageuza kioo kumwelekea.

"Soma mwenyewe," alisema. "Kwa sauti."

Pilipili alisoma. "Karatasi iliyokunjwa katikati..." Hapo akakwama.

"Endelea."

"...na kukatwa kwa mkasi, ikafunguliwa."

"Ukikunja karatasi katikati ukakata, dada, upande wa kushoto unakuwaje?"

Mtoto wa darasa la kwanza angejibu. Pande mbili zinakuwa sawa. Hakuna namna nyingine. Mkasi mmoja unakata zote mbili. Aliyaandika mwenyewe, akajipongeza mwenyewe, na kwa miezi yote ile alikuwa anawachukua watu wenye nyuso zao na kuwakunja katikati. Pua ya yule mzee. Kovu la dereva mmoja. Wote waliotabasamu walitabasamu kwa sababu amewapa uso wa mtu mwingine. Na mama yake, ambaye uso wake haukubali kukunjwa, alikunjwa naye. Nyani haoni kundule, na Pilipili alikuwa amekaa juu ya la kwake akiwatukana wenzake.

"Na uliiona picha ilivyotoka," Domo alisema, pole pole safari hii. "Mimi niliiona. Nilidhani ndivyo unavyotaka. Ulisema chapa."

"Toka," alisema Pilipili.

"Dada..."

"Toka nje, Domo, kabla sijakutupia stuli!"

Domo alitoka akaenda kukaa kwa kinyozi. Pilipili akabaki na hasira isiyo na pa kwenda, na hasira ya namna hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana inamla mwenye nyumba.

Kesho yake asubuhi alianza upya. Karatasi aliifuta kabisa. Alirudi kwenye tarizi, akayapanga maneno vizuri safari hii: kitambaa cha kitani kisichopaushwa, ufumaji wake uonekane, nyuzi za pamba, mishono mirefu na mifupi iliyolala karibu karibu, rangi chache, nguo kwa uzi mnene, uso kwa uzi mwembamba. Picha ilitoka nzuri. Mdomo umenyooka. Akaongeza, hifadhi sura yake kama ilivyo kwenye picha. Ukanyooka. Akapandisha kipimo cha kufuata picha. Mdomo ukashuka kidogo tu, lakini nyuzi zikapotea, ikawa ni picha ya kawaida iliyopakwa ukungu. Akakishusha kipimo, nyuzi zikarudi na mdomo ukanyooka tena. Alipiga meza. Programu ile ilikuwa imeona nyuso nyingi mno zilizonyooka, na popote palipopinda ilidhani ni kosa, ikakusahihishia bila kuombwa, kama jirani mjuaji.

"Mshenzi wewe," aliiambia kompyuta. "Mshenzi kabisa."

"Unamtukana nani asubuhi hii?"

Mama alikuwa mlangoni. Amejifunika hadi chini ya macho, mkoba begani, jasho kwenye kipaji. Alikuwa amekuja peke yake, kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Sijaja kwa shikamoo. Nimekuja kuona mnavyonitengeneza."

Pilipili alimpa stuli. Mama akaisogeza hadi mbele ya kompyuta, akatazama picha zilizopangwa pale, mama watano wa uzi, wote midomo sawasawa kama rula.

"Hii kitu unaiambiaje? Kwa mdomo?"

"Kwa kuandika."

"Nisomee ulichoandika."

Pilipili alimsomea. Mama alisikiliza kwa makini ya fundi. Pilipili alipofika kwenye mishono mirefu na mifupi, mama alitikisa kichwa kukubali.

"Kitambaa umekitaja," alisema mama. "Uzi umeutaja, mnene na mwembamba. Nguo umeitaja. Mpaka ufumaji wa kitani umeutaja. Mdomo wangu uko wapi?"

"Nimesema ihifadhi sura..."

"Nimekuuliza mdomo."

"Kanuni ni kwamba picha ndiyo inabeba..."

"Picha imeubeba?"

"Haijaubeba."

"Basi usinipe kanuni." Mama aligeuka akamtazama usoni. "Andika neno hilo. Nikuone ukiliandika."

Pilipili aliweka vidole kwenye vitufe. Vilikaa pale. Angeweza kuandika risasi, kioo, sindano, mkasi. Aliandika "ule", akafuta. Machozi yalimjia, na kwa kuwa hakuyazoea, yalimkasirisha.

"Siwezi, mama."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Unajua. Nikuulize swali, na unijibu kama mtoto niliyemzaa, usinijibu kama muuza picha. Ile ya kwanza, ya karatasi. Ulipoiona imetoka, kabla hujafikiri chochote, ulifurahi?"

Kwa kinyozi mashine ilikuwa inanguruma.

"Nilifurahi," alisema Pilipili.

"Najua. Niliiona furaha yako ukutani pale kabla sijaona picha. Ndiyo iliyonikasirisha. Watu wa kiwandani nitawasamehe, wale hawajui. Lakini nyinyi mmekaa na huu uso mezani miezi yote, mnanitazama shingo, mnanitazama sikio. Nikawaza nikiushusha mtandio ndani ya nyumba nitawaudhi. Mimi najifunika kwa kitambaa, mwanangu. Wewe umenifunika kwa mimi mwenyewe."

Pilipili alilia hapo, kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyeanguka. Mama hakumbembeleza. Alingoja hadi amalize, kisha akaushusha mtandio mpaka shingoni na kuufunga fundo.

"Tazama."

Pilipili akatazama. Hakutazama kwa wizi. Aliutazama mdomo wa mama yake kwa mara ya kwanza tangu ile chai, pembe iliyoshuka, mkunjo mdogo uliofuata chini hadi kidevuni, shavu lililolala juu yake.

"Sasa andika. Mdomo umeanguka kushoto."

Aliandika. Neno lilikuwa fupi, hakuna kilichobomoka. Kisha akasita.

"Mama, kushoto kwako au kushoto kwangu?"

"Kushoto kwangu! Mdomo wa nani?"

"Lakini kwenye picha kushoto kwako ni kulia. Hii inaangalia kama mimi ninavyokuangalia. Nikiandika kushoto itapindisha ule mzima."

Mama alifikiri. "Basi andika kulia kwa picha. Ikiupinda na ule mzima nitakuwa na kesi mbili."

Hapo Pilipili alicheka katikati ya makamasi. Akaandika: upande wa kulia wa picha, pembe ya mdomo imeshuka chini kuliko ya upande mwingine, na mkunjo unashuka hadi kidevuni, usisawazishe, usinyooshe, pande mbili zisifanane. Uso mwingine hakuugusa, akauachia picha. Wakabonyeza. Wakangoja.

Ikatoka. Mdomo ulikuwa umeanguka.

Pilipili alipumua. Mama aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Huyu aliyetarizi ni mvivu," alisema.

"Mama!"

"Tazama shavu. Nyuzi zote zimelala wima kuanzia jichoni hadi chini, kama mvua. Shavu langu halilali hivyo. Lilipolegea linakwenda hivi, kwa mshazari, kuelekea hapa." Alipitisha kidole usoni mwake mwenyewe, kutoka mfupa wa shavu hadi pembe ya mdomo, bila haya. "Uzi unafuata nyama. Ningekuwa nakutarizi wewe ningefuata mashavu yako, hayo ya kununa. Andika."

Akaandika: mishono ya shavu ifuate umbo, ishuke kwa mshazari kuelekea pembe ya mdomo. Ikatoka mara nyingine, na nyingine, mama akikosoa. Rangi ya mvi imezidi weupe. Uzi wa kipaji umelegea. Programu ilirudisha tabasamu mara moja, hakuna aliyeliomba, na mama akasema, "Mwambie aache kunichekesha, sina utani naye." Domo alichungulia mlangoni, akamwona mama bila mtandio mbele ya kompyuta akigombana nayo, akamwona dada yake naye akigombana nayo, akaona ni salama kuingia. Alileta chai. Mama alikunywa amewaelekea wote wawili. Ikamtoka kidogo upande wa kushoto, akajifuta kwa kiganja, akaendelea kukosoa.

Waliyoikubali mwishowe haikuwa picha ya kumfanya mtu ashike kifua. Ilikuwa mwanamke wa makamo aliyetariziwa kwenye kitani, aliyechoka kidogo, mwenye shavu moja lililolegea kuliko jingine na mdomo ulioshuka, na nyuzi za shavu lake zikiufuata huo mdomo kama zilizowekwa na mtu anayejua. Domo aliichapa. Hakusema imependeza. Hilo kwake lilikuwa jitihada kubwa.

Pilipili aliyatafuta yale maneno ya karatasi iliyokunjwa kwenye kompyuta, akayafuta yote. Kisha, kwa kuwa hasira yake ilikuwa haijaisha na pengine haitaisha, akaichukua ile picha ya kwanza kutoka sakafuni na kuikunja katikati. Alitaka kuichana. Mama akamzuia.

"Acha. Hiyo niachie. Nitaikata iwe patani ya kukatia nguo, karatasi yake ni nzito."

Wiki ileile waliipeleka kiwandani ile picha ya uzi. Safari hii hakukuwa na kitambaa cha kuvuta wala makofi. Msimamizi aliishika fremu, akaitazama, akamtazama mama, akaitazama tena. Alikuwa mtu mwema na wema wake ulimponza.

"Ni nzuri," alisema. "Ni nzuri, Mama Nyuzi. Ila ile ya kwanza, kusema kweli, ilikuwa inapendeza zaidi kwa wageni."

Pilipili alifungua mdomo. Kila aliyemjua alijua kinachokuja, na Domo alirudi hatua nyuma. Lakini mama aliinua mkono, akamfunga mdomo binti yake bila kumgusa.

"Wageni watazoea," alimwambia Msimamizi. "Mimi nimezoea, na mimi ndiye ninayeuvaa uso huu."

Aliufungua mtandio shingoni, akaukunja mara mbili, akaufutia vumbi kwenye kioo cha fremu, pembe hadi pembe. Kisha akauacha juu ya meza ya Msimamizi na kwenda kukaa kwenye kiti chake. Akaomba sindano.